Doti Isiyokatwa

Mwalimu yule hachori duara kwa kukisia. Ana kipande cha uzi wa kushonea. Upande mmoja amefunga chaki, upande wa pili anaubana ubaoni kwa kidole gumba, kisha anazungusha. Mara tano anafanya hivyo, na maduara matano yanatoka sawasawa kama sahani za seti moja. Kinachoshangaza ni nafasi anazoacha katikati. Baina ya duara na duara anaacha upana wa mkono mzima, hata la tano linakaribia kudondoka ukingoni. Mimi nilikuwa nimekaa dawati la nyuma, mgeni aliyeruhusiwa kusikiliza, na nikadhani amekosea vipimo.

Ni shule ya sekondari upande wa Msambweni, darasa la madirisha ya wavu ambamo upepo wa kusi unaingia na harufu ya mwani. Kidato cha tatu, vipindi viwili vilivyounganishwa, na mada ni mitosisi: jinsi seli moja inavyogawanyika kuwa mbili zenye urithi uleule. Kitabu kiko wazi kwenye kila dawati, wanafunzi wawili kitabu kimoja, na ukurasa wenyewe wanaujua kila mmoja. Ni ule wa maduara matano yenye majina chini: interfazi, profazi, metafazi, anafazi, telofazi. Wengi wanaukariri kwa herufi za mwanzo, wanaumwaga kwenye karatasi ya mtihani, na mambo yanaishia hapo.

Mwalimu alianza kujaza. Ndani ya duara la pili alichora kromosomu nne tu, mbili ndefu na mbili fupi. Ndefu moja kwa chaki nyekundu, ndefu nyingine kwa chaki nyeupe. Fupi vivyo hivyo. Nyekundu zimetoka kwa mama, nyeupe zimetoka kwa baba. Hakuna mtu mwenye kromosomu nne. Binadamu ana 46 na kitunguu kina 16. Lakini nne zinatosha kuonyesha kila kitu kinachohitajika, na ukichora 46 hakuna atakayeona lolote ila msitu. Kuchagua nne ni kazi ya fundi aliyeketi siku nyingi zilizopita akafikiri ni vitu vingapi jicho linaweza kuvifuata bila kupotea. Tatu zisingetosha, maana moja ingekosa mwenzake. Sita zingeanza kupandana.

Kila kromosomu aliichora kama mistari miwili iliyoshikana mahali pamoja, mithili ya herufi X iliyobanwa. Hapo ndipo mvulana wa dirishani aliponyoosha mkono.

"Madam, hizo ni nne ama nane?"

Darasa likacheka, ila mwalimu hakucheka. Alitua chaki, akafungua mkoba wake, akatoa leso mpya ambayo bado ina ule ugumu wa dukani.

Anayetoka pwani hahitaji kuelezwa leso inavyouzwa, lakini kwa wa mbali niseme: haiuzwi moja. Huuzwa doti, yaani leso mbili zilizopigwa chapa pamoja kwenye kitambaa kimoja, pindo kwa pindo, mji kwa mji, jina kwa jina. Mwenye kuinunua ndiye anayeikata katikati na kuishona kingo. Kabla ya mkasi ni kitambaa kimoja. Baada ya mkasi ni leso mbili zisizo na tofauti hata ya nukta.

"Nikienda dukani Ukunda nikanunua hii," akauliza, "nimenunua doti ngapi?"

"Moja."

"Leso ngapi?"

"Mbili."

"Haya. Nimebeba doti nne kwenye mkoba. Doti ngapi?" Nne. "Nikizikata zote?" Nane. Akaikunja ile doti kwenye mstari wa kukatia, leso moja ikalala juu ya nyingine jina juu ya jina, akaiinua mbele ya darasa. Hiyo ndiyo X yenu. Kila upande ni kromatidi. Mahali pameshikana panaitwa sentromia, na maadamu hapajakatwa, tunahesabu moja. Mvulana wa dirishani akaandika kitu. Kwa hesabu yangu jibu lake lilichukua dakika tatu, na sikumbuki kama mimi mwenyewe niliwahi kulipata katika miaka yote niliyosoma.

Kisha akafanya jambo ambalo lilinieleza zile nafasi. Aliacha maduara, akaweka chaki kwenye uwazi ulio baina ya la kwanza na la pili, akaandika swali: *Nini kimetokea hapa?* Na somo lote lililobaki lilifanyika kwenye nafasi hizo, kwani maduara ni picha za mtu aliyesimamishwa katikati ya hatua, na hatua zenyewe kitabu hakizichori.

Uwazi wa kwanza. Katika interfazi kiini kinaonekana kama wingu, na mchoro wa kitabu unaweka vitone tu ndani yake, kana kwamba seli inapumzika. Haipumziki hata kidogo. Ni wakati huu ndipo inapoandika upya urithi wake wote, herufi kwa herufi, hadi kila uzi unakuwa na nakala yake. Chapa ya doti inapigwa hapa, kabla hujaona kromosomu yoyote. Wanafunzi wengi hudhani X inaundwa kwenye profazi kwa sababu ndipo inapoonekana mara ya kwanza. Kinachofanyika kwenye profazi ni kukunja. Nyuzi zilizokwisha kunakiliwa zinajizungusha na kufupika hadi zinakuwa nene vya kutosha kuonekana. Na ni lazima zikunjwe. Ukinyoosha urithi wote ulio ndani ya seli moja ya binadamu utapata takriban mita 2 za uzi. Wa kitunguu, ambacho urithi wake ni mkubwa kuliko wetu mara tano hivi, unapita mita 10. Yote hiyo imo ndani ya kiini ambacho jicho halikioni. Mvuvi hawezi kugawa wavu uliotawanyika mchangani, kwanza anaukusanya.

Kwenye uwazi wa pili, kati ya profazi na metafazi, alifuta kwa kidole. Ule mstari unaozunguka kiini, aliouchora kwa uangalifu, akaupangusa vipande vipande hadi ukaisha. Utando wa kiini umevunjika. Sasa kamba nyembamba zinazotoka kwenye ncha mbili za seli zinaweza kuingia ndani na kutafuta cha kushika. Kutafuta ndiko hasa: kamba hizi hurefuka, zikikosa zinafupika, zinarefuka tena upande mwingine, mpaka moja inapogonga sentromia na kunasa.

Aliwaita wasichana wawili mbele. Mmoja akashika leso ya juu, mwingine ya chini, wakasimama pande mbili na kuvuta. Doti ikafunguka ikatanuka kati yao, karibu mita 3, ikakazana kama ngoma. Kisha akamhamisha wa pili asimame upande wa mwenzake, wavute wote kwenda kulia. Kitambaa kikalegea kikabembea sakafuni. "Mnaona? Seli nayo inaona." Kromatidi zote mbili zikinaswa kutoka ncha moja, hakuna mkazo, na mshiko usio na mkazo hauimarishwi, kamba inaachia na kujaribu upya. Na kromosomu yoyote ambayo haijashikwa sawasawa inatoa ishara ya kemikali inayoizuia seli nzima. Zinaweza kuwa 45 zimejipanga vizuri, lakini zote zitamngoja yule mmoja aliyechelewa. Kwa hiyo ule mstari mnyoofu wa metafazi, ambao kwenye kitabu unaonekana kama gwaride limetulia, ni mvutano wa kamba uliotoka sare.

Hapa nitoke nje ya darasa kidogo. Kando ya barabara za mchangani za Diani, na kwenye nyua nyingi, kuna ua la waridi au jeupe lenye petali tano linaloota hata pasipomwagiwa maji. Asili yake ni Madagaska. Ndani ya majani yake hupatikana dawa iitwayo vinkristini, na kazi ya dawa hiyo ni kuzuia kamba hizi zisijengeke. Seli inayogawanyika inafika kwenye metafazi, kromosomu zimekunjwa, utando umeshavunjika, lakini hakuna cha kuzivuta. Ishara ya kungoja haizimiki, na mwishowe seli inakufa. Ndiyo moja ya dawa zinazotibu uvimbe wa taya wa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, na ambao hadi leo unabeba jina lake. Seli za uvimbe huo hugawanyika kwa kasi kubwa, ndiyo maana zinaathirika vibaya sana. Seli za mizizi ya nywele nazo hugawanyika sana, na nywele hunyonyoka. (Asichume mtu majani hayo akachemsha. Kiasi cha dawa na cha sumu vimekaribiana mno.)

Tukirudi kwenye uwazi wa tatu, kati ya metafazi na anafazi, mwalimu alichukua mkasi. Wasichana bado wamevuta, mmoja kushoto, mmoja kulia. Akakata. Mara kitambaa kilipoachana, kila mmoja alirudi nyuma hatua moja bila kupenda, na darasa likapiga kelele. Nilichopenda ni kwamba hakusema neno wakati ule. Alingoja kelele ziishe ndipo akauliza: "Nani amewaambia warudi nyuma?" Hakuna. Walikuwa wakivuta tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mkasi tu. Katika seli mkasi huo ni kimeng'enya kinachokata pete za protini zilizozifunga kromatidi mbili pamoja, na hufunguliwa pale tu ishara ya mwisho ya kungoja inapozimika. Zote zinakatwa kwa pamoja, na hakuna kushona tena. Sasa tunahesabu nane.

Lakini leso haikuweza kumaliza kazi, na hili alilisema mwenyewe. Wasichana walivuta kwa mikono, wakiwa wamesimama kwenye ncha. Seli haivuti hivyo. Wanasayansi walipaka kamba hizo rangi inayong'aa, wakazima kipande kimoja cha rangi katikati ya kamba kwa mwanga mkali ili wapate alama, kisha wakatazama. Kama kamba ingekuwa inavutwa kutoka kwenye ncha, alama ingesogea kuelekea ncha pamoja na kromosomu. Haikusogea. Alama ilibaki karibu palepale, na kromosomu ikaifuata. Majaribio hayo yalichapishwa mwaka 1987. Mwalimu alilieleza jambo hili kwa wana wa wavuvi namna ambayo sijaikuta kitabuni: ngalawa imetia nanga, mvuvi amekaa omoni anavuta kamba ya nanga mkono baada ya mkono. Nanga haisogei. Kamba inakusanyika kwenye chombo, na chombo ndicho kinachokwenda kwenye nanga. Kwa kromosomu, kamba inakwisha pale inaposhikwa, inabomolewa tofali kwa tofali, na kromosomu inasogea kwenye kile kilichobaki. Kwa baadhi ya seli ncha nazo hunyonya kamba, lakini kazi kubwa iko kwenye mshiko.

Ndipo akachora anafazi, na hapa mkono wake ulikwenda polepole kuliko popote. Kila kromosomu ikawa V, na kila V ilielekeza kona yake kwenye ncha ya seli, mikono ikiburuta nyuma kuelekea katikati. Alirudia zile za chini mara mbili kwa sababu pembe hazikumridhisha. Ukiishika leso katikati ukaivuta majini, itakuja hivyohivyo, katikati mbele na kingo zikifuata. Wanafunzi huzichora kinyume, V zikifungua midomo kuelekea ncha, na kosa hilo linaonyesha mara moja kwamba mchoraji amekariri umbo akasahau nani anavutwa wapi. Kosa la pili ni kuchora X kwenye anafazi. Huyo amesahau mkasi. La tatu ni kuzipanga ndefu mbili ubavu kwa ubavu kwenye metafazi, nyekundu ikiikabili nyeupe. Huyo ameingia kwenye mgawanyiko mwingine, ule wa kutengeneza mbegu za uzazi. Mtu anayesahihisha madaftari anaweza kujua kosa lilianzia uwazi upi.

Uwazi wa nne aliupitia haraka. Utando unarudi kuzunguka kila kundi, nyuzi zinakunjuka na kuwa wingu tena, seli inagawanyika. Alichokazia ni kwamba mchoro wa kitabu ni wa seli ya mnyama, unaonyesha seli ikibanwa kiunoni kutoka nje kama gunia lililofungwa kamba, ilhali watakachokiona kesho kwenye hadubini ni kitunguu. Kitunguu kina ukuta mgumu, hakibaniki. Kinajenga ukuta mpya kuanzia katikati kwenda nje, kama mtu anayegawa chumba kwa kiambaza akianzia kati ya sakafu. Wala hakina yale madoa mawili ya sentrioli ambayo kitabu kimeyaweka kwenye ncha. Anayeyatafuta kesho atapoteza muda wake.

Kesho yake nilirudi. Siku tatu kabla, mwalimu alikuwa ameweka vitunguu juu ya midomo ya bilauri za maji, tako la kitunguu likigusa maji kidogo tu, na mizizi myeupe ilikuwa imeshuka. Aliikata asubuhi mapema. Vipande vikawekwa kwenye asidi ya hidrokloriki iliyopashwa hadi nyuzi 60, dakika tano, ili gundi inayoshikanisha seli ilegee. Kisha vikasuuzwa kwenye maji na kutiwa rangi ya orsini, ambayo inashika kwenye kromosomu na kuzipa wekundu wa zambarau. Juu yake kioo chembamba, juu ya kioo karatasi ya kukaushia, na kidole gumba kinachobonyeza wima. Ukisogeza kidole kando hata kidogo, seli zinaviringika na kuharibika. Kundi moja lilifanya hivyo na likaona vijiti vilivyosokotana.

Kundi jingine liliona seli nyingi, nzuri, zisizo hata moja inayogawanyika. Mwalimu aliangalia mara moja tu. Seli zilikuwa ndefu kama matofali, na hiyo ndiyo dalili: walikata kipande kirefu wakatazama sehemu ya juu, ambako seli zimeacha kugawanyika na zinarefuka tu. Kugawanyika kuko kwenye milimita 2 au 3 za mwisho, kwenye seli ndogo za mraba zenye viini vikubwa.

Waliofanikiwa aliwapa kazi ya kuhesabu, na kazi hii ndiyo iliyofichua uongo mkubwa wa ule ukurasa. Kitabu kimezipa hatua tano maduara matano yenye ukubwa mmoja, na macho yanaamini kwamba kila hatua inachukua muda sawa. Chukua hesabu ya mfano aliyoiandika ubaoni: seli 200, ambapo 176 ziko interfazi, 14 profazi, 4 metafazi, 2 anafazi, 4 telofazi. Seli hizi hazikuanza pamoja. Kila moja iko kwenye saa yake. Kwa hiyo hatua inayochukua muda mrefu itakutwa na seli nyingi ndani yake, kama vile ukipita njiani saa yoyote utakutana na wengi walio kwenye foleni ndefu na wachache walio mlangoni. Tukichukulia mzunguko mzima ni saa 24, yaani dakika 1,440, kila seli katika zile 200 inasimama badala ya dakika 7.2. Profazi ni kama dakika 101. Metafazi 29. Anafazi, ambayo ndiyo picha inayopendwa na wachoraji wote, ni dakika 14 tu. Interfazi ni saa 21 na zaidi. Hesabu hii inategemea saa 24 tulizozichukulia, na joto likibadilika mzunguko nao hubadilika, lakini uwiano unabaki kuwa fundisho: ukiona anafazi kwenye slaidi umebahatika kumkuta mtu mlangoni.

Karibu na kengele, msichana mmoja kati ya wale wawili wa leso alikuwa amekwama kwenye seli moja. Aliigeuza lenzi, akairudisha, akaangalia kitabu, akaangalia tena.

"Madam, hii haimo kitabuni."

Mwalimu akainama. Nilipopewa zamu niliona kitu kama nyota, nyuzi zimetawanyika kwenye duara, hakuna mstari wala ncha. Msichana aliiandika kama profazi akaifuta, akaiandika anafazi akaifuta.

Mwalimu alitwaa kifuniko cha sahani ya petri kilichokuwa mezani, akakiinua mbele ya macho yake kikiwa kimelala. "Unaona nini?"

"Mstari."

Akakizungusha taratibu mpaka kikamkabili uso kwa uso.

Msichana akarudi kwenye hadubini bila kujibu. Metafazi ya kitabu imechorwa ikitazamwa ubavuni. Yake ilikuwa imelala chali chini ya kioo, anaitazama kutoka kwenye ncha. Aliweka kidole kwenye daftari, kila alichokiona akipiga kijiti. Kengele ililia, viti vikaburutwa, wenzake wakatoka. Alifika kumi na nne, akaanza upya. Alifika kumi na tano, akasogeza lenzi kidogo sana, akatafuta iliyojificha chini ya nyingine, na akapiga kijiti cha kumi na sita.